KUH: NOTISI YA KUHAMA NYUMBA YANGU YA MACHOMANE

Machomane, Chake Chake, Pemba
5 Januari 2026

Kwa Bwana Khamis na Bi Mwanaidi,

Assalaam alaykum.

Nakuarifuni kwa maandishi kwamba nahitaji kuirejesha nyumba mnayopanga kwangu tangu 1 Mei 2023. Atahamia mwanangu Asha na familia yake. Upangaji wetu utamalizika Alhamisi, 30 Aprili 2026. Mkataba unadai notisi ya miezi miwili, lakini nimekupeni karibu minne, kwani Ramadhani na Sikukuu vi karibu na sikutaka mtu ahangaike na masanduku huku kafunga.

Asha alikuwa akisomesha Unguja, sasa kahamishiwa skuli ya hapa Chake. Tangu Novemba yeye na wanawe watatu wamo chumba kimoja kwangu, mimi nalala ukumbini. Mumewe anamalizia kazi ng'ambo ya pili, atavuka mwezi wa Mei. Nyumba nyingine sina. Naliandika hili wazi kwa sababu najua watu watasema nimepata mpangaji wa bei kubwa. Sivyo, na kodi yenu haijanichelewea hata mara moja.

Kodi ni Sh 150,000 kwa mwezi na mmeshalipa hadi mwisho wa Machi. Ya Aprili msilipe. Yale mabati ya jikoni mliyoyabadilisha kwa fedha zenu baada ya mvua za masika, risiti ninayo, ni Sh 140,000, nayo tunayakata humo. Elfu kumi iliyozidi siidai. Amana yenu ya Sh 300,000 nitakukabidhini mkononi siku mtakayonipa funguo. Mkipata nyumba mapema, hameni tu, mniarifu wiki moja kabla, na kodi ya siku zilizobaki nitakurejesheeni.

Siku ya makabidhiano nitakuja asubuhi, tuzunguke pamoja chumba kwa chumba. Umeme ni wa tukuza, basi hauna deni. Bili ya maji lipeni hadi Aprili mnioneshe risiti. Rangi iliyochujuka na kitasa cha mlango wa uwani, ambacho lazima ukinyanyue kidogo ndipo kifunge, havimo katika hesabu: vilikuwa hivyo kabla yenu. Na ile mistari ya penseli mlangoni mnayompimia Salum urefu, msiifute kwa ajili yangu. Wanawe Asha nao watapimana hapo hapo.

Kama tarehe hii ina uzito kwenu, Bi Mwanaidi nasikia ni mjamzito, njooni tuzungumze kabla ya mwisho wa Februari. Nipo nyumbani baada ya Alasiri. Kuna nyumba ya vyumba viwili Wawi, mwenyewe ni jamaa yangu, naweza kukupelekeni mkaione.

Nakala moja nimempelekea Sheha wetu. Nyingine tieni saini mnirejeshee kuwa mmeipokea.

Wassalaam,

Juma Haji
Mwenye nyumba