Masahihisho ya sentensi yako ya Barghash

Waalaykum salaam mwanangu,

Sentensi yako nimeisoma. Uliandika hivi:

"Sultan Barghash, that he built the House of Wonders in 1883, was a ruler which people remember him."

Iwe hivi:

"Sultan Barghash, who built the House of Wonders in 1883, was a ruler that people remember."

Historia umeipatia, Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na Beit al-Ajaib ni yake. Mgeni utakayemsimamisha pale Forodhani atakufahamu. Ila sentensi ina makosa manne, na mawili kati yake yana mzizi mmoja.

Nao ni "he" na "him". Hizo umezitoa kwenye Kiswahili. Sisi tukisema "aliyejenga", mtenda tumemtaja kwa a-, kisha tukamrejelea kwa -ye-. Tukisema "ambaye watu wanamkumbuka", hiyo -m- haikwepeki. Kiingereza hakitaki hivyo. "Who" imeshakalia kiti cha mtenda, basi ukiongeza "he" umewakalisha wawili kiti kimoja. Mwishoni nako, "that" imeshasimama badala ya anayekumbukwa, kwa hiyo "him" haina kazi. Hata hiyo "that" ungeweza kuiacha: "a ruler people remember". Lakini "who" ya mwanzo usithubutu kuiacha, kwa sababu ndiyo mtenda wa "built".

"Which" ni ya vitu na wanyama. Mtawala ni mtu, achukue "who" au "that". Ukitaka urasmi, hapo mwishoni andika "whom", maana yeye ndiye anayekumbukwa; kwa mazungumzo na wageni mimi sioni haja. Jihadhari na kima punju wa Jozani: kwetu ni "ambaye" kwa kuwa ana uhai, kwa Kiingereza cha kawaida ni "which" au "that".

Imebaki "that" baada ya mkato. Jina Barghash limeshatwambia ni nani, kwa hiyo habari ya jumba ni nyongeza tu. Ifiche kwa kidole, sentensi bado imesimama. Nyongeza kama hiyo huzungushiwa mikato, na humo "that" haiingii. Sasa linganisha na hii:

"The sultan that built the House of Wonders was Barghash."

Masultani walikuwa wengi, na maneno yale ndiyo yanayotwambia yupi. Mikato haipo, na "that" au "who" zote sawa.

Kesho niletee sentensi mbili za kima wa Jozani, moja yenye mikato na moja isiyo nayo. Usiniletee "they" baada ya "which".

Mwalimu wako