Hotuba ya mgeni rasmi katika mahafali ya wauguzi na wakunga, Tanga

Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za mchana.

Wanangu, kabla ya kuingia ukumbini nimekaa kidogo na baadhi yenu pale bwenini. Mmoja akaniuliza, "Mama, hizi akili mnemba zikishajua kila kitu, sisi tutabaki na kazi gani?" Hakuwa anatania. Amesoma miaka mitatu, mzazi wake ameuza mashamba ya michungwa kule Muheza ili alipe ada, na kila akifungua simu anasoma kwamba kazi zinakwisha. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine. Nimeiacha kwenye mkoba, nizungumze juu ya swali lake.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mabingwa waliozifanya mashine hizi zijifunze, na ambaye mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia, alisema hadharani kwamba watu waache sasa kusomesha madaktari wa mionzi, kwa sababu ndani ya miaka michache mashine zingesoma picha za eksirei kuwapita. Mashine kweli zimekuwa hodari katika kusoma picha. Lakini madaktari wa mionzi bado wanasomeshwa na bado wanatafutwa, kwa sababu picha ni sehemu moja tu ya kazi yao. Lazima mtu ajue mgonjwa huyu alifanyiwa nini mwaka jana, aongee na daktari wa upasuaji, aamue kivuli kile ni cha kuhangaikia au cha kuachwa, na aweke saini yake chini ya uamuzi huo.

Sisemi haya ili mzidharau mashine. Nimefanya ukunga tangu enzi za kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile koni ya mbao, na kila chombo kipya kilichookoa mama nimekipokea kwa mikono miwili. Utafiti uliofanyika Zambia na Marekani umeonyesha kwamba programu ya kompyuta inaweza kukadiria umri wa mimba vizuri kutokana na picha za ultrasaundi, hata kama aliyepitisha kifaa tumboni si mtaalamu. Fikirieni zahanati ya ndani huko Kilindi, mama hakumbuki hedhi yake ya mwisho, na kifaa kinakwambia ana wiki thelathini na moja. Hilo ni jambo kubwa. Kipokeeni, jifunzeni kukitumia.

Ila kifaa hicho hakitakwambia kwa nini amekuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi saba. Jibu analo yeye. Pengine ni nauli. Pengine mume hajui. Pengine mara ya mwisho alipokuja, nesi alimfokea mbele ya watu, akaapa harudi tena. Hatakwambia hata moja kati ya hayo mpaka akuamini, na dakika ulizonazo za kuaminiwa ni chache mno.

Nikiwa mkunga katika wilaya moja ya mkoa huu, aliletwa binti wa uzazi wa kwanza, uchungu umemshika vibaya mno, unapanda bila kupumzika. Njia ilikuwa imefunguka kidogo tu. Nikamuuliza kama ametumia dawa yoyote. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, akatikisa tena, na macho yake yakaenda kwa mama mkwe aliyekaa pembeni na kanga begani. Nikamwomba mama yule, kwa heshima, akanunue uji nje ya geti. Alipotoka tu, binti akanishika mkono: "Nimenyweshwa dawa ya mizizi tangu alfajiri, niwahi kujifungua." Basi tukajua tunapambana na nini, tukamwangalia kwa namna hiyo, na gari la rufaa likaitwa mapema. Mama na mtoto walipona.

Wanangu, angalieni kilichotokea pale. Kwenye fomu swali lilikuwa limeshajibiwa: dawa, hapana. Mashine yoyote ingepokea "hapana" hiyo na kuifanyia hesabu. Ujuzi ulikuwa kuona macho yanaelekea wapi, kumjua mama mkwe wa kwetu, na kumtoa mtu chumbani bila kumvunjia heshima, maana binti atarudi kuishi naye nyumba moja. Huo hamkuupata kwenye kitabu. Mmeanza kuupata wodini, zamu za usiku, mkiwa nyuma ya wakunga wazee.

Jambo la pili ni kutazama kwa macho yako mwenyewe hata kama kioo kimeshatoa namba. Oksimita mnayobana kwenye kidole hupitisha mwanga kwenye ngozi. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Hebu lifikirieni hilo hapa, ambapo karibu kila kidole utakachokibana ni cheusi. Kioo kinaweza kusoma 94 huku mgonjwa anahema kwa mabega na hawezi kumaliza sentensi. Mwamini mgonjwa. Mwite daktari. Mtoto akizaliwa, alama za Apgar mnazijua: mapigo ya moyo, kupumua, ulegevu wa misuli, anavyoitika akiguswa, na rangi. Tangu mwaka 1952 alama hizo hutolewa kwa jicho, sikio na mkono wa mtu aliye karibu. Na kwenye rangi, kwa watoto wetu, mtazame ulimi na midomo, msitazame mgongo.

La tatu nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Mashine haiwezi kuitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na haiwezi kukaa na baba aliyepoteza mke ikamweleza kilichotokea bila kumficha. Ninyi mtaitwa, na ninyi mtakaa naye. Ukitumia ushauri wa mashine, uamuzi ni wako. Kama hukuuelewa, usiufuate. Uliza mwenzako, hata saa tisa usiku, hata kama atakasirika.

Mkuu wa Chuo, nina ombi. Najua shinikizo la kupunguza saa za wodini ili wanafunzi wakae zaidi kwenye kompyuta. Kompyuta zinunuliwe, nitachangia nami. Lakini saa za wodini zisiguswe. Na mtihani wa vitendo uwe na kipengele cha kumhoji mgonjwa anayeficha kitu, kwa sababu wagonjwa wengi wanaficha, na wana sababu zao.

Wazazi, hongereni. Mzazi wa Muheza, popote ulipokaa, mwanao hajasomea kazi iliyokufa. Katika vituo vingi nilivyopita, mkunga alikuwa mmoja, na foleni ilianza alfajiri kabla hajafika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba msoma majina aanze na wahitimu wa ukunga, nami nipo tayari kuwakabidhi vyeti vyao. Asanteni sana.