Maswali ya usanisinuru na kupima wanga kwenye jani, pamoja na majibu yake

Karatasi ya marudio, Kidato cha Pili, darasa la jioni, Mbagala. Muda: saa moja na nusu. Alama 50.

Vijana wangu, karatasi hii inatokana na jaribio tulilofanya Jumamosi pale barazani, tukiwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria ya maji, spiriti ya duka la dawa na chupa ndogo ya ayodini. Mtihani wa taifa wa Baiolojia utakuja kwa Kiingereza, hilo mnalijua. Lakini mwanafunzi aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini jani linachemshwa hawezi kusahau hatua hiyo kwa lugha yoyote. Aliyekariri huzichanganya hatua, na msahihishaji hugundua mara moja. Jibuni kwanza kwenye daftari, ndipo msome majibu niliyoandika chini ya kila swali.

Swali la 1. Usanisinuru ni nini? Andika mlinganyo wake. (alama 4)

Ni kazi inayofanywa na mimea ya kijani ya kutengeneza chakula kwa kutumia kabonidayoksaidi na maji, nguvu ikitoka kwenye mwanga unaonaswa na klorofili. Oksijeni hutoka kama zao la ziada.

6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2

Juu ya mshale andika mwanga, chini yake klorofili. Ukiviacha unapoteza alama moja bila sababu.

Swali la 2. Chakula kinachotengenezwa kwanza ni sukari. Kwa nini basi tunapima wanga? (alama 3)

Sukari inayeyuka kwenye maji. Ikirundikana ndani ya seli itavuta maji mengi na kuvuruga seli, kwa hiyo mimea mingi hugeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa wanga, ambao hauyeyuki na hukaa kwenye kloroplasti mpaka utakapohitajika. Wanga ukiwepo kwenye jani ambalo mwanzoni halikuwa nao, tunajua usanisinuru umefanyika. Tena wanga una kipimo chepesi: ayodini. Ayodini haibadiliki rangi ikikutana na glukosi.

Swali la 3. Jani la haibiskasi limechumwa saa nane mchana juani. Eleza kila hatua ya kulipima wanga na utoe sababu ya kila hatua. (alama 12)

Hapa ndipo penye alama nyingi, na ndipo wengi mlipokosea wiki iliyopita. Mliandika nini kilifanyika mkaacha kwa nini. Kila hatua ina alama mbili: moja ya kitendo, moja ya sababu.

Kwanza, jani linatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hivi. Maji ya moto yanaua seli, hivyo vimeng'enya vinaacha kufanya kazi na wanga uliopo haubadilishwi tena kuwa sukari. Pia utando wa seli unaharibika, na hapo spiriti na ayodini zitaweza kupenya. Jani linatoka likiwa limelegea kama mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, lakini bado ni la kijani.

Pili, jiko linazimwa. Ndiyo, kuzima jiko ni hatua, na ina alama zake. Spiriti ni alkoholi, mvuke wake unashika moto upesi sana. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nafundisha, mwanafunzi aliweka kikombe cha spiriti moja kwa moja juu ya jiko. Moto uliruka mpaka usawa wa uso wake, akaungua mkono. Alipona, lakini tangu siku hiyo sianzi hatua ya tatu kabla sijaliona jiko limezimwa kwa macho yangu mwenyewe.

Tatu, jani linawekwa kwenye testitubu yenye spiriti, na testitubu inasimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Alkoholi inachemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji kwenye 100. Maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi yana joto la kutosha kuichemsha spiriti bila moto wowote kuwa karibu. Kazi ya spiriti ni kuyeyusha klorofili na kuitoa kwenye jani. Sababu yake ni nini? Rangi ya kijani ingefunika rangi ya ayodini, usingeona kitu. Mliona wenyewe: spiriti iligeuka kijani, jani likabaki jeupe lenye umanjano kidogo. Likiwa bado na kijani, badilisha maji ya moto usubiri tena. Usiharakishe hapa.

Nne, jani linasuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu. Spiriti imelikausha, limekuwa gumu na linavunjika kama karatasi ya zamani. Maji yanalilainisha tena na kuondoa spiriti iliyobaki.

Tano, jani linatandazwa kwenye kigae cheupe. Sisi tulitumia sahani nyeupe ya chai, inafaa vilevile. Weupe wa chini unasaidia kuona mabadiliko ya rangi, na kulikunjua kunaifanya ayodini ifike kila sehemu.

Sita, ayodini inadondoshwa juu ya jani lote na kuachwa dakika chache, kwa sababu yenyewe ndiyo kipimo cha wanga. Ile ya kidonda ni kali mno kwa kazi hii, ipunguze kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi.

Swali la 4. Taja rangi utakazoziona mwishoni na maana zake. Mwanafunzi mmoja ameandika: "Hakuna wanga kwa sababu hakuna rangi." Msahihishe. (alama 6)

Bluu-nyeusi: wanga upo. Kahawia au manjano-kahawia: wanga haupo. Rangi ya bluu-nyeusi inatokea kwa sababu ayodini inaingia katikati ya minyororo ya wanga, ambayo imejisokota kama springi.

Mwanafunzi huyo amekosea kwa sababu rangi ipo, na ni ya ayodini yenyewe. Jibu sahihi: "Ayodini imebaki na rangi yake ya kahawia, kwa hiyo wanga haupo." Msiandike "nyeusi" peke yake wala "bluu" peke yake, andikeni bluu-nyeusi. Na kabla ya kuliamini jani lolote, dondosha ayodini kwenye kipande cha ugali. Isipogeuka bluu-nyeusi hapo, kasoro iko kwenye ayodini yako.

Swali la 5. Mmea wa kwenye kopo umewekwa kabatini kwa saa 48. Baadaye jani lake moja limefunikwa pande zote mbili kwa karatasi ya aluminiamu yenye tundu la umbo la nyota, na mmea ukakaa juani kwa saa sita. (a) Kwa nini uliwekwa gizani kwanza? (b) Matokeo ni yapi, na yanaonyesha nini? (alama 8)

(a) Ili kuondoa wanga wa zamani. Gizani mmea hautengenezi chakula, lakini unaendelea kukitumia: wanga unageuzwa sukari, unasafirishwa kwenda sehemu nyingine na kutumika katika upumuaji. Usipofanya hivyo, wanga utakaouona mwishoni huenda ni wa juzi, na jaribio lote halina thamani. Pima jani moja la mmea huo kabla ya kuutoa nje: likibaki kahawia, mmea uko tayari.

(b) Nyota inatokea bluu-nyeusi, sehemu iliyofunikwa inabaki kahawia. Wanga umetengenezwa pale mwanga ulipofika tu, kwa hiyo mwanga ni wa lazima. Ni jani lilelile, kwenye mmea uleule, lenye maji na klorofili ileile. Kilichotofautiana ni mwanga. Julius Sachs, mtaalamu wa mimea Mjerumani, alionyesha jambo hilihili katika miaka ya 1860 kwa kufunika sehemu ya jani na kulipima. Mnachokifanya Mbagala kwa foili ya kufungia chipsi kina zaidi ya miaka 150, na bado kinajibu swali lilelile vizuri.

Swali la 6. Jani lenye mabaka meupe na ya kijani limekaa juani kutwa nzima. Chora jani hilo kabla na baada ya kupimwa, na ueleze. (alama 6)

Chora mpaka wa mabaka kabla ya kulichemsha, kwa sababu baada ya spiriti jani lote litakuwa jeupe na hutakumbuka kijani kilikuwa wapi. Baada ya ayodini, palipokuwa kijani ni bluu-nyeusi, palipokuwa peupe ni kahawia. Klorofili ni ya lazima. Alama mbili za mwisho ni za kusema kwamba michoro miwili inalingana.

Swali la 7. Jani likiwa bado kwenye mmea uliotolewa wanga limeingizwa kwenye chupa yenye mmumunyo wa KOH, mdomo ukazibwa kwa pamba na vaselini, kisha mmea ukawekwa juani. Jani litakuwa na rangi gani likipimwa? (alama 5)

Kahawia. KOH inanyonya kabonidayoksaidi ya ndani ya chupa, na vaselini inazuia hewa ya nje kuingia. Mwanga upo, klorofili ipo, maji yanatoka kwenye mizizi, ila mali ghafi moja imekosekana. Kwa kulinganisha, jani la pili linaingizwa kwenye chupa yenye maji matupu, na hilo litakuwa bluu-nyeusi. Usipotaja jani la pili, unapata alama tatu tu.

Swali la 8. Eleza: (a) mchicha mwekundu hufanya usanisinuru, (b) jani la kitunguu lililokaa juani linabaki kahawia, (c) muhogo uko chini ya udongo gizani, lakini ayodini inaugeuza bluu-nyeusi. (alama 6)

(a) Klorofili ipo, imefunikwa na rangi nyekundu. Nyekundu hiyo inayeyuka kwenye maji, ndiyo maana maji ya kupikia mchicha huo huwa mekundu. Ukichemsha jani kwenye maji, wekundu unatoka na kijani kinaonekana.

(b) Kitunguu kinafanya usanisinuru kama kawaida, ila majani yake huhifadhi sukari badala ya wanga. Kwa hiyo rangi ya kahawia inathibitisha kwamba wanga haupo, haithibitishi kwamba usanisinuru haukufanyika. Ndiyo sababu hatuanzi na kitunguu.

(c) Muhogo haukutengeneza chakula hicho. Majani ya kisamvu juu juani ndiyo yaliyotengeneza sukari, ikateremka kwenye shina kupitia floemu mpaka mizizini, na huko ikageuzwa tena kuwa wanga wa kuhifadhiwa.