Dua ya Siku ya Saba: Akika ya Maryam

Bismillahi Rahmani Rahim. Alhamdulillahi Rabbil-alamin, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Wazee wangu, ndugu zangu, nawe mzazi uliyekaa ndani na mwanao: mtoto huyu kazaliwa Jumatano alasiri, jua halijatua. Jumatano ile imehesabiwa, na leo Jumanne ndiyo saba yake. Angezaliwa baada ya magharibi, tungekutana kesho.

Jina lake ni Maryam. Maryam binti Salim.

Mke wa Imrani alipojifungua alisema, na maneno yake tunayasoma katika sura ya tatu, aya ya 36: nimempa jina Maryam, nami namkinga Kwako, yeye na kizazi chake, na shetani aliyelaaniwa. Ewe Mola wetu, nasi twakuomba hayo hayo kwa Maryam wetu.

Amin.

Kichwa chake kimenyolewa chote kwa wembe mpya, taratibu penye utosi, wala hakikuachwa kishungi, maana Mtume alikataza kunyoa huku na kuacha kule. Nywele zimepimwa kwa sonara, gramu 2. Fedha ya uzito huo si kitu, basi baba yake kaongeza, na sadaka imeshawafikia wenyewe kabla hatujakaa mkekani. Ya Rabi, sadaka imemtangulia kabla hajajua kushika kitu. Mjaalie mkono wake uwe mwepesi wa kutoa na mzito wa kuchukua kisicho chake.

Amin.

Mbuzi wa mtoto wa kike ni mmoja. Huyu katimiza miaka miwili, hakuwa chongo wala kiguru, hakukonda, hakukatwa sikio. Nyama imepikwa tamu, kwa tende na zabibu, ndivyo walivyopendekeza wanazuoni wetu wa Kishafi, kwa kumtarajia mtoto utamu wa tabia. Basi Mola mpe ulimi usiochoma. Akikasirika asitukane, akipewa siri isitoke, akikosea akiri asitafute wa kumsingizia. Mpe haya, lakini si haya ya kumfunga mdomo mbele ya dhuluma. Mpe hamu ya kusoma, chuoni na skuli, na umpe wa kumsomesha.

Amin.

Mifupa imeachanishwa kwenye viungo, hakuna uliovunjwa, kwa kumwombea salama ya viungo vyake. Nawaomba mnaokula: msiupasue kwa kutafuta uboho. Irudisheni yote kwenye ungo, itafukiwa nyuma ya nyumba. Baba na mama nao wale. Wasemao wazazi hawali akika ya mwanao wamejizuilia halali yao. Paja la mkunga limeshatengwa, bichi, na Mungu amlipe kwa usiku aliokesha.

Sasa kinga. Mtume aliwakinga Hassan na Hussein kwa maneno haya, nasi twamkinga Maryam: kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, na kila shetani, na kila mdudu wa sumu, na kila jicho lenye kudhuru. Mama, msomee kila magharibi. Uzi asifungwe shingoni, hata ukitoka kwa nani, kwani mtoto akijigeuza usingizini humkaba. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe jivu wala mafuta. Asali asilambishwe mpaka atimize mwaka. Alale ndani ya chandarua, na chanjo ya wiki ya sita isimpite. Hizo ni sababu, na Mola ndiye Mwenye kulinda.

Amin.

Maryam, mjukuu wetu, somo yako ni bibi yako mzaa baba, yule pale aliyekushika. Leo amepata haki ya kukuita somo, na wewe umepata haki ya kumdai hadithi na kanga. Kwa baba u mtu wa Wete, kwa mama u mtu wa Makunduchi, na kote huko hubishi hodi kama mgeni. Ukiumwa, shangazi zako na wajomba zako waumwe nawe. Ukikosea, akuonye aliye karibu kabla hajakusema kwa watu. Ukienda mbali, mlango huu ukungojee.

Na baba, cheti cha kuzaliwa kiandikwe kama nilivyotamka: Maryam. Kikiandikwa Mariamu, na skuli wakaandika Mariam, mtoto atakuja kuhangaika na pasi yake kwa herufi mbili tu.

Salim, Mungu akubarikie katika ulichopewa, umshukuru Aliyekupa, mtoto afikie utu uzima wake nawe uuone wema wake. Mama yake, Mungu akurudishie nguvu zako, maziwa yako yatoshe, na arubaini yako ikukute mzima.

Rabbana taqabbal minna, innaka Antas-Samiul-Alim.

Al-Fatiha.