Maswali ya mchangiaji kuhusu mada "Mgawanyo wa Madaraka katika Katiba: Mihimili Inapogongana"

Ndugu mtoa mada,

Nimepewa jukumu la kufungua mjadala wa mada yako, na nimeona ni vyema maswali yangu yakufikie kwa maandishi kabla hatujakutana tena, kwa kuwa baadhi yake yanahitaji upitie upya slaidi zako. Sina ubishi na maelezo ya nadharia uliyoanza nayo, kuanzia Montesquieu mwaka 1748 hadi mchoro wa mihimili mitatu. Maswali yangu yanahusu mifano. Umetuambia kwamba kila mfano unaonyesha muhimili mmoja ukiuzuia mwingine, lakini nilipoisoma mmoja mmoja nilijiuliza kama muhimili ulioshindwa ulikuwa na uwezo wa kukataa, na kama ulitii, ulitii kwa sababu gani. Naomba uubebe mtihani huo katika majibu yako yote.

Swali la kwanza linahusu shauri la Marbury dhidi ya Madison la mwaka 1803 nchini Marekani, ambalo slaidi yako imeliita ushindi wa Mahakama dhidi ya Serikali. Je, ushindi huo uko wapi? Jaji Mkuu John Marshall alisema kwamba Marbury, aliyekuwa ameteuliwa kuwa hakimu lakini Serikali mpya ikamnyima hati, alikuwa na haki ya kupewa hati yake ya uteuzi, kisha akasema kwamba Mahakama ya Juu haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo likianzia kwake, kwa kuwa kifungu cha sheria ya mwaka 1789 kilichompa njia hiyo kilipingana na Katiba. Serikali haikuamriwa kufanya lolote, na kwa hiyo haikuwa na amri ya kuikaidi. Kilichobatilishwa ni kifungu kilichotungwa na Bunge, tena kifungu kilichokuwa kikiiongezea Mahakama mamlaka. Naomba utueleze kama huu ni mfano wa mgongano, au ni mfano wa Mahakama kujijengea uwezo kwa kuukwepa mgongano ambao huenda ingeshindwa. Ongeza pia maoni yako juu ya jambo ambalo hukuligusa: Marshall mwenyewe ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati hati hizo zilipoachwa bila kukabidhiwa. Mada inayohusu utengano wa mihimili haipaswi kulipita jambo hilo kimya.

Swali la pili ni fupi. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Truman aliamuru viwanda vya chuma vishikwe na Serikali ili mgomo usisimamishe uzalishaji, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Umeliweka shauri hili chini ya kichwa "Mahakama dhidi ya Rais". Kwa kuwa miaka mitano kabla ya hapo Bunge la Marekani lilikuwa limekataa kuweka katika sheria mamlaka ya kushika viwanda namna hiyo, je, si sahihi zaidi kusema kwamba ugomvi ulikuwa kati ya Rais na Bunge, na Mahakama ilikuwa mwamuzi tu? Jibu lako litaathiri jedwali lako lote, kwa maana kila mgongano ukihesabiwa kuwa wa Mahakama kwa sababu tu uliishia mahakamani, hatutajua tena wagombanaji halisi ni akina nani.

La tatu linatoka Uingereza. Ulisema kwamba tarehe 24 Septemba 2019 Mahakama ya Juu "iliingilia shughuli za Bunge" ilipotamka kwamba kusitishwa kwa kikao cha Bunge kwa muda wa wiki tano hivi kulikuwa batili. Ninavyoielewa hukumu hiyo, iliyotolewa kwa kauli moja na majaji 11, hoja ya kuingilia Bunge ilitolewa na Serikali na ikakataliwa, kwa sababu usitishaji ule haukuwa uamuzi wa wabunge bali kitu walichowekewa kutoka nje. Je, utaibadili sentensi hiyo? Na kama utaibakiza, utueleze ni nani aliyeliingilia Bunge kwanza.

Swali la nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ningependa ulitengee muda mrefu zaidi. Shauri la mgombea binafsi nchini Tanzania umelieleza kwa mstari mmoja, kwamba "Mahakama iliheshimu mipaka yake". Naomba tulifuate hatua kwa hatua. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliamua kwamba raia asiye mwanachama wa chama cha siasa ana haki ya kugombea, na Bunge likaibadili Katiba ili kuiziba njia hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua tena kwa upande wa haki hiyo, safari hii mabadiliko yenyewe ya Katiba yakiwa mezani. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na kusema kwamba suala hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaona kwamba katazo hilo linakiuka haki.

Katika mfululizo huo, ni hatua ipi hasa unayoiita kuheshimu mipaka? Kama Bunge linaweza kuijibu hukumu kwa kuibadili Katiba yenyewe, je, Mahakama inabaki na kazi ya kuyapima mabadiliko hayo, au kazi yake inakoma pale Bunge linapotimiza idadi ya kura inayotakiwa? Ukijibu kwamba inakoma, eleza ni nini kinachomlinda raia dhidi ya wingi wa kura bungeni. Ukijibu kwamba haikomi, eleza majaji wanapata wapi kipimo cha kuipimia Katiba ambayo wao wenyewe wamekula kiapo cha kuilinda. Kisha utuambie chombo cha kikanda kinakaa wapi katika mchoro wako wa pembetatu, kwa sababu mimi nimekitafutia nafasi na sijaipata.

Swali la mwisho linahusu Kenya. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya uwakilishi wa kijinsia, akitumia ibara ya 261 ya Katiba, ambayo inasema kwamba Rais "atalivunja" na haimpi nafasi ya kuchagua. Mahakama Kuu ikasitisha utekelezaji wa ushauri huo, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa mwaka 2022. Wewe umeuita mgongano wa Mahakama na Bunge. Lakini ushauri ulitoka kwa mkuu wa Mahakama, na kizuizi kilitoka mahakamani. Je, Jaji Mkuu alipoandika ushauri ule alikuwa anafanya kazi ya kimahakama, inayoweza kupingwa kwa rufaa tu, au kazi ya kikatiba ya aina nyingine, inayoweza kuhojiwa na mahakama iliyo chini yake? Na ikiwa Katiba imetoa amri kwa mihimili yote mitatu kwa zamu, Bunge litunge, Jaji Mkuu ashauri, Rais avunje, na bado amri haikutekelezwa, utaonyesha kwa kidole ni muhimili upi ulioivunja?