Barua kwa Mpishi Mkuu: Mzio wa Mayai wa Mwanangu Nasra

Ngamiani,
Tanga.
10 Januari 2025

Kwa Mama Tatu,
Mpishi Mkuu,
Jiko la Shule.

YAH: MWANAFUNZI NASRA JUMA, DARASA LA TATU, ASIYETAKIWA KULA MAYAI

Shikamoo Mama Tatu. Natumaini likizo imekwisha salama na kwamba wewe na wasaidizi wako mko wazima.

Mimi ni mama yake Nasra. Kwa miaka miwili iliyopita Nasra alikuwa akirudi nyumbani kula, lakini kuanzia muhula huu atabaki shuleni hadi saa tisa alasiri, kwa hiyo atakunywa chai ya saa nne na kula chakula cha mchana kinachotoka jikoni kwako. Nimekwisha kuzungumza na Mwalimu Mkuu, naye akanishauri nikuandikie wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiye unayejua kila kinachoingia sufuriani.

Nasra ana mzio wa mayai, au aleji kama wengi tunavyosema. Mwili wake huipokea protini ya yai kana kwamba ni adui, ukaanza kupambana nayo, na mapambano hayo ndiyo yanayomuumiza. Kwa hiyo si suala la kuchagua chakula wala la tumbo kutolizoea yai, na hawezi kuzoeshwa kwa kupewa kidogo kidogo mezani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndugu zangu wenyewe waliwahi kunishauri nifanye hivyo. Kinachomdhuru zaidi kimo kwenye ute mweupe, lakini kiini nacho hakitenganishwi na ute kikabaki safi kabisa, hivyo vyote viwili haviruhusiwi. Wapo watoto wenye mzio huu wanaoweza kula keki iliyookwa vizuri bila kudhurika. Nasra si mmoja wao, na daktari wake ametukataza kumjaribu nje ya hospitali.

Mwaka juzi, kwenye harusi ya jirani, mama mmoja mwenye nia njema kabisa aliambiwa kwamba mtoto huyu hali yai, akachukua katlesi, akalibandua lile tabaka la yai la juu, akampa kiazi na nyama ya ndani. Haikupita robo saa midomo ikavimba, akatapika mara mbili, kisha akaanza kukohoa na kupumua kwa mluzi. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini pajani, na tukakaa huko hadi usiku. Tangu siku hiyo nimeacha kusema tu kwamba "hali yai", kwa sababu msikilizaji hufikiria yai la kuchemsha na la kukaanga, na hayo Nasra mwenyewe anayajua na kuyakataa. Hatari iko kwenye yai lisiloonekana.

Nikianza na vitafunio vya chai, maandazi ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu andazi lenye yai na lisilo na yai yanafanana. Mimi mwenyewe kabla ya Nasra nilikuwa sikandi maandazi bila mayai mawili, na sasa nayakanda kwa tui zito la nazi, hamira na hiliki, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Ikiwa ya shuleni hutiwa yai, naomba asipewe. Vivyo hivyo chapati za kusukuma na za maji, kwani baadhi ya wapishi huongeza yai ili zilainike; keki na hafukeki; biskuti za kununua; mkate wa kumimina, ambao wengi wetu huutia ute wa yai; na skonzi zilizopakwa yai juu ili zing'ae. Mkate wa boflo tunaonunua nyumbani anakula, lakini siku duka likibadilishwa, tafadhali ulizeni kwanza.

Mchana, vya kuepuka ni katlesi, kababu na vitu vyote vinavyochovywa kwenye yai kabla ya kukaangwa, chipsi mayai, kabichi au mchicha uliokaangwa na yai, na saladi yenye mayonesi, kwa kuwa mayonesi yenyewe hutengenezwa kwa yai bichi au yai la unga. Siku za sherehe pilau likipambwa kwa mayai ya kuchemsha, kuliondoa yai lililokaa juu ya sahani yake hakutoshi. Naomba apakuliwe kutoka sufuria ambayo haijapambwa. Na kuna jambo moja ambalo hata mimi lilinichukua muda kulifikiria: kuku jike wa kienyeji akichinjwa mara nyingine hukutwa na vijiyai vichanga tumboni, navyo huachwa vikachemkia kwenye mchuzi. Nyama ya kuku haimdhuru hata kidogo, ila mchuzi wa aina hiyo asipewe.

Vingine vyote vya kawaida anakula, na anakula vizuri: ugali, wali, maharage, dagaa, samaki, nyama, ndizi, mihogo, uji, maziwa na mtindi. Nimeambiwa kwamba siku nyingi za wiki chakula chenu ni hivyo hivyo, kwa hiyo siombi apikiwe chungu chake.

Ninachoomba ni uangalifu wa vyombo. Mafuta yaliyokaangia katlesi zenye yai yasitumike kukaangia samaki wake, na mwiko, kikaangio au bakuli lililogusa yai lioshwe kwa sabuni na maji mengi kabla ya kutumiwa kwa chakula chake, kwa kuwa kupangusa kwa kitambaa hakuondoi yai. Mikono nayo ni hivyo hivyo. Dawa ya kuua vijidudu inayopakwa mikononi haiondoi protini ya yai. Nimemnunulia sahani na kikombe vya rangi ya buluu vyenye jina lake, ambavyo nitavileta Jumatatu.

Siku msipokuwa na hakika, asipewe. Katika mkoba wake kutakuwa daima na mkebe wenye muhogo wa kuchemsha au maandazi yangu, na amefundishwa kuufungua bila kuona haya.

Ikitokea amekula yai kwa bahati mbaya, dalili huanza kwa vivimbe vya kuwasha, kuvimba midomo au macho, na kutapika. Dawa ya maji ya setirizini iko kwa mwalimu wake wa darasa. Hiyo hutuliza kuwashwa, lakini haiwezi kumwokoa akibanwa pumzi. Akikohoa mfululizo, sauti ikikauka, akipumua kwa shida, au akilegea, msisubiri dawa ifanye kazi wala msinisubiri mimi: aitwe bajaji au gari la karibu, apelekwe moja kwa moja Hospitali ya Bombo, na wauguzi waambiwe tangu mlangoni kwamba ni mzio wa yai. Asitembezwe. Alazwe miguu ikiwa imeinuliwa, au akae ikiwa kulala kunamzidishia shida ya kupumua. Asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa kudhani amekula sumu.

Pamoja na barua hii nimeambatisha kadi yenye picha yake na namba za simu, yangu na ya baba yake, ambayo naomba ibandikwe karibu na dirisha la kupakulia, ili hata msaidizi mgeni aione. Jumatatu nitafika saa moja na nusu asubuhi, kabla hamjabandika chai, unieleze maandazi yenu yanakandwa kwa vitu gani hasa. Nikikuta hayana yai, Nasra atafurahi kuliko mimi.

Wako mtiifu,

Mwanahamisi Salim
(Mama Nasra)

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Darasa la Tatu.