Weka Sahihi Hapa

Mama Zawadi anauza mawese soko la Mwanga, Kigoma. Mwezi wa Ramadhani alimlipa msambazaji wake shilingi 420,000 taslimu, bei ya madumu sita ya lita 20, palepale kwenye kizimba chake, bila karatasi yoyote. Baada ya wiki mbili yule bwana akarudi na daftari.

"Mama, deni langu bado."

"Si nilikupa mkononi?"

"Nani aliona?"

Hakuna aliyeona. Inauma sana kudaiwa jasho lako mara ya pili, tena na mtu uliyezoea kumwita kaka. Mwenyekiti wa soko aliwasikiliza wote wawili, akaomba ushahidi. Mama Zawadi akalipa tena, kidogo kidogo.

Sasa ana kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Kila mzigo anaandika tarehe, idadi ya madumu, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na aliyepokea anasaini. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Juzi msambazaji mpya alinung'unika. "Huniamini, dada?"

"Nakuamini, kaka. Hesabu pesa zako, zikitimia weka sahihi hapa."

Akahesabu, akasaini, akachukua nakala yake.